Uzi: Kasi ikiongezeka mara mbili, kwa nini nishati mwendo isiongezeke mara mbili vilevile?

Ami_wa_Kengeja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Tangu baada ya sala ya Isha nimekaa na mtoto wa kaka yangu, aliyeko kidato cha tatu, tukiipitia karatasi yake ya mtihani wa fizikia iliyorejeshwa juzi, na kuna suala moja ambalo limetushinda sote wawili.

Suala lenyewe linasema hivi: gari la abiria lenye tungamo la kilo 2000 linakwenda kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, na nishati mwendo yake ni jouli 100,000. Dereva akifunga breki kwa kani ya nyutoni 10,000, gari linasimama baada ya mita 10. Je, kasi ikiwa mita 20 kwa sekunde, nishati mwendo itakuwa kiasi gani, na kwa breki ile ile gari litasimama baada ya masafa gani?

Kijana amejibu jouli 200,000 na mita 20. Majawabu yote mawili yametiwa alama ya kosa bila ya neno lolote la maelezo. Mimi nilipomtazamia niliona yuko sahihi, kwa sababu gari ni lile lile, breki ni zile zile, na kilichobadilika ni kasi peke yake, tena imebadilika mara mbili tu. Kama kilo mbili za sukari bei yake ni mara mbili ya kilo moja, kwa nini hapa isiwe hivyo? Naomba mwenye ujuzi anieleweshe sababu, asinipe jawabu peke yake, kwani jawabu bila ya sababu sitaweza kumfundisha mtoto.

Shamba_Donge

Waalaykum salaam. Kanuni ni `E = ½mv²`. Kasi imo ndani ya mraba, na mraba wa mbili ni nne. Jawabu ni jouli 400,000 na mita 40.

Ami_wa_Kengeja

Ahsante ndugu yangu, lakini hapo umenipa kanuni, na kanuni kijana anayo daftarini. Ninachouliza ni kwa nini huo mraba uwepo. Nikimwambia mtoto kwamba gari linataka masafa mara nne kwa sababu imeandikwa hivyo, hatakuwa amejua kitu.

Mwanafunzi_Wete

Ami, shikamoo. Mimi nasoma mwaka wa kwanza wa chuo, na kwa maoni yangu kijana hakukosea kabisa. Kinachopimwa gari linaposimamishwa ni momentamu, yaani tungamo mara kasi, na momentamu haina mraba. Kasi ikizidi mara mbili, momentamu huzidi mara mbili, na breki zile zile huchukua muda mara mbili kuimaliza. Kwa mita 10 kwa sekunde gari linasimama kwa sekunde 2, na kwa mita 20 linasimama kwa sekunde 4. Kwa hiyo wazo la mara mbili lina msingi wake, na nadhani mwalimu angempa angalau nusu ya alama.

Nahodha_Nungwi

Mimi nina boti ya mashine ya kuchukulia wageni, na jambo hili nalijua kwa mafuta. Nikienda pole pole dumu moja linanifikisha mbali sana, nikizidisha mwendo mafuta yanakwisha kabla ya kurudi. Kwa hiyo ni kweli kwamba mwendo mara mbili hautaki mafuta mara mbili tu, unataka zaidi.

Maalim_Mstaafu_Mtambwe

Waalaykum salaam wa rahmatullah. Nimesomesha somo hili kwa miaka mingi, na kosa hili nimelikuta kila mwaka, hata kwa watoto waliokuwa hodari katika mambo mengine. Kwa hiyo nitaomba nafasi nilieleze taratibu.

Nianze na mwanangu wa Wete, kwa sababu alichosema ni kweli ila amekijibia suala jengine. Muda wa kusimama ni mara mbili, hesabu yako ya sekunde 2 na sekunde 4 ni sahihi. Lakini suala halikuuliza muda, limeuliza nishati na masafa. Tazama sasa kinachotokea ndani ya hizo sekunde 4. Kani ya nyutoni 10,000 juu ya kilo 2000 inapunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde inayopita. Gari lililoanza na mita 20 kwa sekunde linafika mita 10 kwa sekunde baada ya sekunde 2. Katika sekunde hizo mbili za mwanzo, wastani wa kasi yake ni mita 15 kwa sekunde, na kwa hiyo limeshakula mita 30 za barabara. Kuanzia hapo limekuwa sawasawa na gari letu la kwanza, lenye mita 10 kwa sekunde, ambalo tunajua linahitaji sekunde 2 na mita 10 kusimama. Jumla ni mita 40.

Hapo ndipo penye siri ya jambo zima, ami. Breki zimefanya kazi kwa muda mara mbili, na katika muda huo gari lilikuwa na wastani wa kasi mara mbili. Mara mbili ya kwanza imetoka kwenye muda, mara mbili ya pili imetoka kwenye wastani wa kasi, na masafa ni muda mara kasi. Mraba unatoka humo. Kazi ya breki ni kani mara masafa, nyutoni 10,000 mara mita 40, nayo ni jouli 400,000, ambazo ndizo nishati mwendo gari lilizokuwa nazo kabla ya kufunga breki.

Na kama unataka kumwonyesha kijana ubaya wa jawabu lake, mwambie asimame kwenye alama ya mita 20, pale alipodai gari litakuwa limesimama. Breki zitakuwa zimeondoa jouli 200,000 na zimebaki jouli 200,000. Kasi ya gari hapo ni kiasi cha mita 14 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 50 kwa saa na ushei. Gari ambalo yeye ameliandika limetulia, linampita mbele yake kwa mwendo wa barabara kuu.

Nahodha, habari yako ya mafuta ni ya kweli, lakini sababu yake ni nyengine. Boti ikishafika mwendo wake na kubaki hapo, nishati mwendo yake haiongezeki tena, na mafuta yanayoendelea kuungua yanapigana na maji unayoyasukuma. Tusiyachanganye mambo haya mawili, kwa sababu maji yana hesabu yao.

Ami_wa_Kengeja

Maalim, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Hiyo ya mita 20 imenitikisa, kwa sababu na mimi ningeliandika gari limesimama. Lakini nina suala dogo. Wakati wa kuongeza mwendo je? Dereva akitoka kusimama mpaka mita 10 kwa sekunde amelipa jouli 100,000. Akiongeza mita 10 nyengine, kwa nini alipe zaidi, ilhali nyongeza ni ile ile?

Maalim_Mstaafu_Mtambwe

Suala zuri, na jawabu lake ni lile lile lililogeuzwa. Tuseme mashine inalisukuma gari kwa nyutoni 2000 bila ya kubadilika, na tuusahau upepo na msuguano kwa sasa. Sekunde 10 za mwanzo zinalifikisha mita 10 kwa sekunde, na gari limekwenda mita 50. Sekunde 10 zinazofuata zinalifikisha mita 20 kwa sekunde, lakini safari hii gari limekwenda mita 150, kwa sababu lilianza likiwa tayari lina mwendo. Msukumo ni ule ule na muda ni ule ule, ila umesukumwa kwa masafa mara tatu. Kwa hiyo nyongeza ya pili inagharimu jouli 300,000. Zile 100,000 za mwanzo ukizijumlisha, unapata 400,000.

Hata nazi inaonyesha jambo hili. Nazi ikianguka kutoka mita 5 inafika chini kwa sekunde moja hivi, ikiwa na kasi ya mita 10 kwa sekunde. Ukitaka ifike chini na mita 20 kwa sekunde, mnazi wa mita 10 hautoshi. Unahitaji mnazi wa mita 20, mara nne, na mkwezi aliyepanda huko juu anajua kwamba kazi ya kuipanda mita 20 ni mara nne ya kuipanda mita 5. Katika karne ya 18, Mholanzi Willem 's Gravesande aliangusha mipira ya shaba juu ya udongo laini na kuyaangalia mashimo yake, wakati ambapo wataalamu wakubwa wa Ulaya walikuwa bado wanabishana kama kipimo cha nguvu ya kitu kinachokwenda ni kasi au ni mraba wa kasi. Baadaye bibi mmoja wa Kifaransa, Émilie du Châtelet, akaitetea hoja ya mraba kwa maandishi. Kwa hiyo kijana wako asione haya, kwani kosa hili limewashughulisha watu wenye elimu kubwa kabla yake.

Fundi_Mwanakwerekwe

Maalim, naheshimu elimu yako, lakini mimi nimepima na sikupata mara nne. Nina gereji ya vespa. Mwaka huu nilimbadilishia mteja vipande vya breki, akasema bado vespa haishiki, basi tukaenda kwenye kiwanja kikavu kisicho na watu. Nilimweka kijana wangu kando na kitambaa chekundu. Alipokitikisa mimi nilifunga breki, na tulipima kwa futi kamba kutoka kwenye kigingi alipokuwa amesimama mpaka gurudumu la mbele liliposimama. Kwa kilomita 20 kwa saa nilipata mita 8. Kwa kilomita 40 kwa saa nilipata mita 23. Mara nne ya 8 ni 32, na mimi sikufika hata 25. Vipimo nilivirejea mara tatu na vilikuwa karibu sawa. Hii inakaribia mara tatu. Vitabu na barabara si kitu kimoja.

Mwanafunzi_Wete

Labda ni kwa sababu vespa ni nyepesi kuliko gari?

Bi_Mdogo_Jambiani

Samahani nikiingilia kati, ndugu yangu wa Wete, lakini uzito hauwezi kuwa sababu, kwa kuwa vespa ni ile ile katika vipimo vyote viwili. Mimi nauliza jambo jengine: fundi, kitambaa kilitikiswa ulipofika kwenye kigingi, au ulianza kufunga breki ulipofika kwenye kigingi?

Fundi_Mwanakwerekwe

Kitambaa kilitikiswa nilipokuwa sawa na kigingi. Mimi nilifunga nilipokiona.

Maalim_Mstaafu_Mtambwe

Mwanangu wa Jambiani umeligusa penyewe, na fundi, nakushukuru kwa kupima kwa uangalifu, kwa sababu vipimo vyako ni vizuri kiasi cha kuweza kufanyiwa hesabu.

Ndani ya zile mita 8 zimo safari mbili tofauti. Ya kwanza ni masafa uliyokwenda kati ya kukiona kitambaa na mguu kuikamata breki. Katika masafa hayo vespa inakwenda kwa kasi ile ile, na muda wa kuona na kukanyaga haujui kama unakwenda 20 au 40. Kwa hiyo masafa hayo huzidi mara mbili tu. Ya pili ni masafa ya breki zenyewe, ambayo ndiyo yanayozidi mara nne. Tuyaite masafa ya kuona `x` na masafa ya breki `y`, kwa kilomita 20 kwa saa. Vipimo vyako vinasema:

```
x + y = 8
2x + 4y = 23
```

Zidisha mstari wa kwanza kwa 2 unapata 16, toa katika 23 zinabaki 7, na hizo ni `2y`. Basi `y` ni mita 3.5 na `x` ni mita 4.5. Kilomita 20 kwa saa ni kiasi cha mita 5.6 kwa sekunde, kwa hiyo mita 4.5 ulizipita kwa sekunde 0.8 hivi, muda ambao ni wa kawaida kwa mtu anayesubiri ishara. Kwa kilomita 40, ulikwenda mita 9 kabla ya breki kushika, kisha mita 14 za breki. Na 14 ni mara nne ya 3.5.

Ndiyo maana jumla yako ni chini ya mara nne na ni zaidi ya mara mbili. Mtu akiiangalia jumla peke yake anaweza kudhani kanuni imevunjika, ilhali amechanganya kitu cha mara mbili na kitu cha mara nne katika futi kamba moja.

Fundi_Mwanakwerekwe

Hii sikuifikiria. Basi niambie mapema, kwa kilomita 30 kwa saa nitapata ngapi? Kesho alaasiri nakwenda kupima.

Maalim_Mstaafu_Mtambwe

Kasi ni mara moja na nusu, kwa hiyo masafa ya kuona ni 4.5 mara 1.5, na masafa ya breki ni 3.5 mara 2.25, maana mraba wa 1.5 ni 2.25. Nategemea upate mita 14 na nusu, au karibu na hapo. Kofia ngumu kichwani, na kiwanja kiwe kikavu kama siku ile.

Bi_Mdogo_Jambiani

Ami, naomba nirudi kwa kijana wako. Nasomesha hesabu watoto wa jirani, na nimeona kwamba jouli 200,000 hufikiwa kwa njia mbili zisizofanana. Unaweza kuangalia alivyofanya hesabu pembeni mwa karatasi?

Ami_wa_Kengeja

Nimeangalia sasa hivi. Ameandika kwa penseli: `½ × 2000 × 2 × 10² = 200,000`.

Bi_Mdogo_Jambiani

Basi kijana hakukosea kama ulivyokosea wewe ami, na uniwie radhi kwa kusema hivyo. Wewe uliiacha kanuni ukaenda na fikra ya sukari, kwamba kikizidi hiki kinazidi na kile kwa kiasi kile kile. Yeye kanuni anaijua na ameitumia, isipokuwa mbili ameiacha nje ya mraba. Kinachokwenda kwenye mraba ni kasi mpya nzima. Alitakiwa aandike `½ × 2000 × (2 × 10)²`, na mabano hayo yamempotezea alama zote. Ukimsomesha habari ya breki na nazi ataifahamu, na kesho atarudia kosa lile lile kwa penseli, kwa sababu kosa lake limo katika uandishi. Mwambie aandike kasi mpya kwanza, 20, kisha aipigie mraba, 400, na hapo ndipo azidishe kwa nusu ya tungamo.

Ami_wa_Kengeja

Nimekuwia radhi binti yangu, umesema kweli. Nimempa afanye kwa mita 30 kwa sekunde. Ameandika 30, kisha 900, kisha jouli 900,000, na bila ya kuambiwa akaandika mita 90. Sasa yeye mwenyewe ndiye anayenisomesha mimi. Kuhusu alama, nitamwendea mwalimu kwa adabu, ingawa sijui kama jawabu la masafa, ambalo limefuata kutoka kwenye jawabu lenye kosa, linastahili kitu.

Mwanafunzi_Wete

Kwa maoni yangu linastahili. Aliigawa 200,000 kwa 10,000 ipasavyo, na kosa moja lisiadhibiwe mara mbili.

Shamba_Donge

Mimi naona halistahili. Karatasi yenyewe ilimpa gari linalosimama kwa mita 10, alikuwa na nafasi ya kujihakikishia.

Bi_Mdogo_Jambiani

Maalim, kuna jambo linalonisumbua tangu ulipoeleza zile jouli 300,000. Chukua gari jengine linalokwenda sambamba na letu kwa mita 10 kwa sekunde bila ya kubadilisha mwendo. Abiria aliyemo humo, gari letu linapoongeza kutoka 10 hadi 20, yeye analiona kama limetoka kwenye kusimama hadi mita 10 kwa sekunde. Kwake nyongeza ni jouli 100,000 tu. Mafuta yaliyoungua ni yale yale. Zile 200,000 nyengine zimekwenda wapi?

Maalim_Mstaafu_Mtambwe

Hilo ni suala zito kuliko la mtihani. Nishati mwendo si mali ya gari peke yake, inategemea na anayelipima. Kwa abiria huyo barabara nayo inakwenda kinyume, na matairi yanapoisukuma barabara nyuma, naye lazima aihesabu kazi inayofanyika juu ya barabara na ardhi yote. Akiihesabu, jumla inakaa sawa. Lakini kuionyesha kwa nambari kunataka karatasi na utulivu, na wengi niliowaeleza kwa maneno matupu hawakuridhika.

Bi_Mdogo_Jambiani

Na mimi bado sijaridhika, maalim, kwa sababu ardhi ni kubwa mno hata siioni ikibadilika kasi. Nitajaribu kuiandika kwa nambari mwenyewe kisha nikuletee.

Fundi_Mwanakwerekwe

Nimerudi kutoka kiwanjani. Kwa kilomita 30 kwa saa, kipimo cha kwanza mita 15 kasoro kidogo, cha pili mita 14 na sentimita 40, cha tatu mita 15. Maalim, nimekubali. Ila kijana wangu alitaka tuendelee, tukafanya mara nane mfululizo bila ya kupumzika, na kipimo cha mwisho kilikuwa mita 17. Niliposhika dramu ya nyuma ilikuwa ya moto hata nikaondoa mkono mara moja, na ilikuwa inatoa harufu ya vipande vilivyoungua.

Maalim_Mstaafu_Mtambwe

Moto huo ndio nishati mwendo yako, fundi, kila mara uliposimama imeingia kwenye dramu. Hesabu yangu ilichukulia kwamba kani ya breki haibadiliki, na breki zikishapata moto vipande hupunguza kushika, kwa hiyo `y` haibaki 3.5. Sijui katika mita hizo mbili zilizozidi, ni ngapi za moto na ngapi za wewe kuchoka kuangalia kitambaa. Ungepumzisha vespa nusu saa, kisha ukapima tena wewe mwenyewe bila ya kupumzika, ungeweza kuzitenganisha.

Fundi_Mwanakwerekwe

Jumamosi, inshallah.